Bajeti iko kwenye kampeni, si kwenye kikundi: kila mpangilio wa Google Ads unakaa wapi

*Swali: "Nauza taa za sola za kuvulia dagaa na spea za injini za boti, duka liko Kirumba, Mwanza, na tawi liko Bukoba. Matangazo ya Facebook nayajua kiasi. Juzi kijana mmoja alinifungulia akaunti ya Google Ads, nikatengeneza kampeni moja ya dola 6 kwa siku, nikaigawa vikundi viwili, Mwanza na Bukoba. Siku 14 zimeliwa dola 81: Mwanza 70, Bukoba 11. Natafuta pa kuandika bajeti ya kila kikundi, sipaoni. Watu wa Bukoba wanapiga namba ya Mwanza, wengine wanapiga kutoka Dar na hata Kisumu. Na ratiba nimeweka mwisho saa 12 jioni, mbona simu zinaingia mpaka saa 3 usiku? Nimekosea wapi?"*

Ndugu yangu, pa kuandika bajeti ya kikundi hupaoni kwa sababu hapapo. Kwenye kampeni ya utafutaji ya Google, bajeti inakaa kwenye kampeni, na vikundi vyote vilivyo ndani yake vinakula sahani moja. Hukubonyeza kitu kibaya. Uliweka mgawanyo wa Mwanza na Bukoba ngazi moja chini ya mahali ulipopaswa kukaa, na karibu kila tatizo ulilolitaja linatokana na hapo.

Naelewa ulivyofikia huko. Kwenye Facebook ngazi ni tatu pia: kampeni, seti ya matangazo, tangazo. Lakini kule eneo la wateja huwekwa kwenye seti ya matangazo, ile ngazi ya kati, na bajeti nayo unaweza kuiweka hapohapo. Kwa hiyo mtu aliyezoea Facebook akiingia Google anaona ngazi ya kati inaitwa `Ad group`, anadhani ni kitu kilekile, anaandika jina "Bukoba" na kuamini kwamba ameshailekeza Bukoba. Kumbe jina la kikundi ni la kukusaidia wewe kukitambua tu. Mfumo hausomi jina hilo. Ungekiita "Sangara" kingefanya kazi vilevile.

Kwa kuwa unauza taa, nikupe mfano wa kwenye mtumbwi. Kampeni ni betri. Vikundi ni taa mbili zilizofungwa kwenye betri hiyo moja. Huwezi kuiambia betri impe huyu umeme wa saa nne na yule wa saa mbili. Taa inayovuta zaidi ndiyo inayoimaliza. Mwanza kuna watu wengi zaidi wanaotafuta, kwa hiyo kikundi chake kilivuta dola 70 na Bukoba ikaambulia 11. Ukitaka kila taa iwe na umeme wake, unaongeza betri ya pili. Hapa betri ya pili ni kampeni ya pili.

Sasa, kama kikundi hakina bajeti wala eneo, kazi yake ni nini? Kazi yake ni kuunganisha alichoandika mtafutaji na tangazo atakaloliona. Ndani ya kikundi unaweka maneno ya utafutaji, yale ya `Keywords`, na pembeni yake unaweka matangazo. Mtu akiandika jambo linalolingana na maneno ya kikundi, huonyeshwa tangazo la kikundi hicho. Ndiyo maana kikundi kizuri hugawanywa kwa jambo linalotafutwa. Anayetafuta taa ya dagaa na anayetafuta fundi wa injini ya boti ni watu wawili wenye shida mbili, na kila mmoja anastahili tangazo linalotaja shida yake.

Vikundi vyako viwili nina hakika vina maneno yaleyale, kwa sababu bidhaa ni zilezile. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mvuvi wa Bukoba akiandika "taa za sola za dagaa", vikundi vyote viwili vinafaa kumjibu, kwa kuwa vyote viko kwenye kampeni moja yenye eneo moja. Google haitoi matangazo yako mawili kwenye nafasi moja. Inachagua moja, ikipima mambo kama bei uliyo tayari kulipa na ubora wa tangazo. Katika upimaji huo, neno "Bukoba" ulilolipa kikundi halimo. Kwa hiyo mtu aliyekaa Bukoba anaweza kabisa kuonyeshwa tangazo la Kirumba, akapiga namba ya Kirumba, na wewe ukashangaa.

Tukienda kwenye simu za Dar na Kisumu, fungua kampeni yako, ingia `Settings`, kisha `Locations`. Nadhani utakuta Tanzania nzima, na hiyo inaeleza simu za Dar. Ya Kisumu inaelezwa na kitu kilichojificha chini yake. Bonyeza `Location options`. Utakuta chaguo lililowekwa tayari na Google:

```
Presence or interest
```

Maana yake ni kwamba tangazo litaonyeshwa kwa waliopo kwenye eneo ulilochagua, na pia kwa walioonyesha kulipenda eneo hilo hata kama wako mbali. Mtu wa Kisumu aliyetafuta "taa za dagaa Mwanza" ameonyesha kupendezwa na Tanzania, basi anaingia. Kwa mwenye hoteli chaguo hili ni zuri sana, maana mgeni hutafuta chumba cha Mwanza akiwa bado Nairobi. Kwa duka linalouza kwa mtu anayekuja na mtumbwi wake, ni pesa inayomwagika. Chagua `Presence` peke yake, ile ya watu waliopo au ambao huwapo mara kwa mara kwenye eneo lako. Mimi kwa biashara ya mtaani huwa naibadilisha hii kabla sijaandika hata neno moja la tangazo.

Zingatia kwamba eneo, chaguo hili lililofichwa na ratiba ya saa vyote vinakaa kwenye kampeni. Ukiona mpangilio unaojibu swali la pesa kiasi gani, wapi, au saa ngapi, utafute kwenye kampeni kwanza. Unaojibu "akiandika nini", utafute kwenye kikundi. Unaojibu "aone maneno gani na apelekwe ukurasa gani", uko kwenye tangazo lenyewe.

Simu za saa 3 usiku ni habari nyingine, na nimeifurahia kwa sababu inatufikisha kwenye ngazi ya juu kabisa, akaunti yenyewe. Ratiba uliiweka kwenye kampeni, sawa. Lakini saa ambayo ratiba inaifuata haiko kwenye kampeni. Iko kwenye akaunti, na ilichaguliwa siku ile kijana alipokuwa anaifungua. Tofauti ya saa 3 kamili kati ya ulichoandika na unachokiona inanifanya nishuku kwamba akaunti iliwekwa saa za GMT. Sisi tuko saa 3 mbele ya GMT. Saa 12 jioni ya akaunti inakuwa saa 3 usiku ya Mwanza, na asubuhi nako tangazo linachelewa kuwaka kwa saa 3 zilezile, wakati wavuvi wameshatoka ziwani na wana pesa mkononi.

Usijaribu kuhakikisha kwa kuangalia ripoti ya saa. Ripoti nayo inasomwa kwa saa ya akaunti, kwa hiyo itakuonyesha mibofyo inakoma saa 12 jioni na utadhani kila kitu kiko sawa. Nenda `Admin`, kisha `Account settings`, usome panapoandikwa `Time zone`. Kama ni GMT, angalia kama bado unaruhusiwa kubadilisha. Mpangilio huu haukuundwa wa kubadilishwabadilishwa kama bajeti. Ikikataa, sogeza ratiba ya kampeni nyuma kwa saa 3: ukitaka tangazo liwake saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni ya kwetu, andika 5:00 AM hadi 3:00 PM. Kama utakuta imeandikwa London, fahamu kwamba wale husogeza saa zao mbele majira ya joto, kwa hiyo kwa miezi kadhaa tofauti huwa saa 2 na itabidi urudi kurekebisha. Ukikuta saa ni ya Nairobi au Dar es Salaam, basi dhana yangu imeanguka, na hao wapigaji wa usiku yaelekea waliiona namba mchana wakaihifadhi.

Hapohapo kwenye akaunti ndipo ilipo sarafu. Yako ni dola, na sarafu haibadiliki tena baada ya akaunti kufunguliwa. Malipo nayo yako ngazi hiyo, pamoja na orodha ya watu wenye ruhusa ya kuingia, ambayo nitairudia.

Sasa tuijenge upya. Katika hali yako ningetengeneza kampeni mbili zenye vikundi viwili kila moja, hivi:

```
Kampeni: Mwanza    $4 kwa siku
  Kikundi: Taa
    "taa za sola za dagaa"
    "taa za kuvulia dagaa"
  Kikundi: Injini
    "spea za injini ya boti"
    "fundi injini ya boti"

Kampeni: Bukoba    $2 kwa siku
  (vikundi na maneno yaleyale)
```

Alama za kufungua na kufunga usemi nimeziweka makusudi. Zinaiambia Google kwamba utafutaji uwe na maana ya fungu hilo la maneno. Bila alama hizo unaweza kuletewa mpaka mtu anayetaka taa ya sola ya kuweka getini kwake.

Anza na iliyopo. Libadilishe jina liwe Mwanza, shusha bajeti hadi dola 4, tengeneza ndani yake vikundi viwili vya Taa na Injini, halafu simamisha vile viwili vya zamani. Usivifute, takwimu zake utazihitaji. Kwenye eneo, ondoa Tanzania na uchore duara la kilomita 60 kuzunguka Mwanza mjini. Duara hilo linafika Sengerema upande wa pili wa ghuba na Nansio kule Ukerewe. Sehemu kubwa itaangukia majini na isikutie hofu, hulipii maji, unalipia mtu anapobofya.

Ukishamaliza, weka tiki kwenye kampeni hiyo, bonyeza `Edit`, kisha `Copy`, kisha `Paste`. Kwenye kisanduku cha kubandika, chagua kampeni mpya iwe imesimamishwa kwanza. Hatua hii usiiruke, kwa sababu nakala huzaliwa na kila kitu cha mama yake, duara la Mwanza likiwemo, na ikiwaka hivyo utakuwa na kampeni mbili zinazogombea mteja mmoja. Badilisha jina, bajeti iwe dola 2, duara liwe kilomita 35 kuzunguka Bukoba mjini. Ukilivuta hadi 80 litavuka mpaka na kuingia Uganda. Kisha ingia kwenye kila tangazo ubadilishe maneno. Kichwa kimoja kina nafasi ya herufi 30 tu, ukihesabu na nafasi zilizo wazi. "Taa za Sola za Dagaa, Kirumba" kinakula 29, na "Taa za Sola za Dagaa, Bukoba" kinakula 28, kwa hiyo vyote vinaenea. Ukurasa ambao tangazo linampeleka mteja nao unakaa kwenye tangazo, basi kama tovuti yako ina ukurasa wa tawi la Bukoba, badilisha kiungo hapohapo.

Imebaki namba ya simu. Hii husumbua wengi, kwa sababu inaweza kuwekwa kwenye akaunti, kwenye kampeni au kwenye kikundi. Ya kwako naona iliwekwa kwenye akaunti, ndiyo maana ikashuka hadi kila tangazo. Ingia `Assets`, tafuta namba hiyo, usome safu inayoonyesha ngazi yake. Iondoe kwenye akaunti, uweke namba ya Kirumba kwenye kampeni ya Mwanza na namba ya tawi kwenye kampeni ya Bukoba. Kisha washa kampeni ya pili.

Kuhusu pesa, usishtuke siku moja ukikuta Mwanza imekula dola 7. Kiasi unachoandika ni wastani wa siku. Google inaweza kutumia hadi mara mbili yake siku yenye watafutaji wengi, ila kwa mwezi mzima haikutozi zaidi ya kiasi hicho mara 30.4. Kwa dola 4 kikomo ni 121.60, kwa dola 2 ni 60.80, jumla 182.40, sawasawa na ambacho kampeni yako moja ya dola 6 ingefikia. Hujaongeza matumizi hata senti. Umeamua tu ziende wapi.

Lazima nikwambie na upande wa pili. Kampeni mbili ni kazi mara mbili: kila neno jipya utaliongeza sehemu mbili, na ukisahau moja zitaachana. Halafu Bukoba huenda watafutaji wa maneno hayo ni wachache mno. Utajua ukiona matangazo yake yanaonyeshwa mara chache mno. Hilo likitokea, na dola 2 zikawa zinabaki kila siku, afadhali urudi kwenye kampeni moja yenye maduara yote mawili na tangazo linalotaja maduka yote mawili. Kama tawi la Bukoba linaendeshwa na ndugu yako na simu mnaweza kupasiana bila shida, mgawanyo huu hata hauna ulazima. Nimewahi kuona mtu akiligawa duka moja kampeni tisa kwa bajeti ya dola 5, kila moja ikapata vijisenti, na mwezi ukaisha hajui neno gani linaleta mteja. Gawanya pale tu ambapo pesa, eneo au saa zinatofautiana kweli.

Duara nalo lina mipaka yake. Google hukisia mtu alipo kwa kutumia mahali simu inapojionyesha na mtandao anaotumia, na aliyezima kitambulisho cha mahali kwenye simu yake anaweza kuhesabiwa mji mwingine. Simu moja moja ya kutoka Dar itaendelea kuingia. Baada ya siku 7 fungua `When and where ads showed` uone mibofyo imetoka wapi. Ukiona karibu yote iko ndani ya maduara, mpangilio umeshika. Ukiona nusu iko nje, rudi kwenye `Location options`, bila shaka kampeni moja bado imebaki kwenye chaguo la zamani.

Na kuna siku utaona kikundi kina alama ya kijani, tangazo limepitishwa, ila hakuna anayeliona. Kabla hujamlaumu mtu, soma safu ya `Status`. Ikiandikwa `Campaign paused`, ngazi ya juu imezimwa, na kuwasha vya chini hakusaidii kitu.

Yote haya unaweza kuyafanya mwenyewe jioni moja. Lakini kuna jambo moja ambalo sitaki ulifanye kwa meseji. Umesema kijana mmoja ndiye aliyekufungulia akaunti. Nenda `Admin`, kisha `Access and security`, uangalie barua pepe yako imeandikwa nini pembeni. Kama si `Admin`, au kama haimo kabisa na unaingia kwa nenosiri la kijana, basi duka ni lako ila akaunti ni ya kwake: siku akipoteza simu au mkikosana, unapoteza takwimu zote na huwezi hata kusimamisha matangazo yanayokula kadi yako. Mfuate, kaeni pamoja kwenye kompyuta moja, akualike kwa barua pepe yako kama `Admin`, ukubali mbele yake, kisha uingie mwenyewe kuhakikisha. Fanya hivyo kabla ya kunakili kampeni. Vilevile, ukiingia ukakuta taarifa nyekundu kwamba akaunti imesimamishwa, usifungue akaunti nyingine ili kukwepa, maana nayo inaweza kusimamishwa kwa sababu hiyohiyo. Peleka rufaa kupitia kiungo kilichopo kwenye taarifa hiyo, na kama lugha ya fomu inakutatiza, tafuta mtu anayeifahamu akae nawe muijaze pamoja, ukiwa na leseni ya biashara na kitambulisho chako mkononi.